Sakafu Ambayo Haijakanyagwa

Ofisini walimwita Rula, na jina lilimkaa vizuri kuliko koti lake la kazi. Alianza kazi ya uchambuzi wa hisa zamani, wakati chati za bei zilichorwa kwa penseli kwenye karatasi ya miraba. Kompyuta zilipokuja, zikachora mistari zenyewe, yeye aliendelea kuiegemeza rula yake ya plastiki kwenye kioo, jicho moja limefumbwa, kama seremala anayekagua ubao uliopinda. Vijana wa ofisi ile ya wakala wa hisa, iliyokuwa ghorofa ya pili juu ya duka la vitambaa, walisema siku moja ataigonga kompyuta kwa nyundo.

Alipenda kampuni kongwe. Kulikuwa na kampuni ya saruji ambayo bei zake za miaka mingi alizijua kama mtu anavyozijua ngazi za nyumba yake gizani: wapi kuna kidato kifupi, wapi pa kuinamisha kichwa. Bei ikishuka mahali fulani, wanunuzi walitokea. Walikuwa wametokea pale pale mara nyingi, katika mwaka wa neema na mwaka wa njaa, na mahali hapo watu wa kazi yake hupaita sakafu.

Kampuni changa zilimtia wasiwasi. Chati yenye miezi michache haina wastani wa bei za siku mia mbili wa kuuegemea, haijaona mwaka mbaya, haijaona habari ya kuvunja moyo. Inapanda tu kwa sababu haijui kingine. Vijana wa ofisini waliikuza kwenye kioo, wakaitazama saa kwa saa badala ya wiki kwa wiki, mpaka miezi minne ikaonekana kama miaka. Rula aliona hilo ni kama kuikuza picha ya mtoto mchanga ili ujue atakuwa na ndevu za namna gani.

Mwaka ule kampuni changa iliyokuwa midomoni mwa watu ilikuwa ya rangi za nyumba. Kiwanda chenyewe kilikuwa cha zamani, lakini sokoni kilikuwa mgeni. Hisa zake zilikuwa zimeanza kuuzwa kwa umma miezi mitano tu iliyopita. Na katika kiwanda hicho, kwenye chumba cha kuchanganyia, alifanya kazi shemeji yake, kaka mkubwa wa mke wake, mtu mwenye kucha za rangi kumi na kicheko cha kusikika nyumba ya tatu.

Wafanyakazi wa siku nyingi walikuwa wamepewa hisa. Sharti lilikuwa moja: wasiziuze mpaka miezi sita ipite tangu kampuni iingie sokoni. Sharti hilo hilo liliwafunga waanzilishi na matajiri walioweka fedha mwanzoni. Lilitangazwa wazi, tarehe yake ilijulikana, na watu wakaliita kufuli. Katika kila hisa tano za kampuni ile, moja tu ndiyo ilikuwa ikizunguka sokoni. Nne zilikuwa nyuma ya mlango.

Shemeji alikuwa akiisubiri tarehe ya kufuli kwa ajili ya nyumba. Ile aliyopanga tangu watoto wake wakiwa wadogo ilikuwa inauzwa. Mwenye nyumba, bibi mmoja mpole mwenye miguu ya kuvimba, alikuwa anahamia kwa binti yake, na kwa heshima ya miaka waliyokaa pamoja alimwahidi kumngoja mpaka siku hiyo ifike. Kwa bei ya hisa ya wakati ule, shemeji angeilipa nyumba yote na kubakiza za kuezekea upya. Kila chumba alikuwa amekipaka rangi alizozijaribu kiwandani, ukuta huu hivi, ule vile, mpaka sebule ikafanana na kitabu cha sampuli. Mkewe alilalamika mchana akiwa na wageni, na usiku alilala vizuri humo.

*

Ijumaa moja mkunga mstaafu alipanda ngazi za ofisi, akakaa mbele ya meza ya Rula bila kuvua miwani ya jua. Alikuwa amenunua hisa za kampuni ya rangi tangu siku za kwanza.

"Mwanangu, nishikilie au niachie?"

"Taarifa yetu inatoka Jumatatu, mama. Wateja wote wataipata kwa pamoja."

"Mimi nimezalisha wanawake wa mji huu mzima, wewe unaniambia Jumatatu. Nao ningekuwa nawaambia Jumatatu?"

Rula alicheka, akamsindikiza hadi ngazini. Mkunga alipoondoka, Rula aliifungua chati ya kampuni ya rangi, akaweka rula.

Kila mtu aliiona sakafu. Siku ya kwanza bei ilikuwa imeruka, kisha ikarudi hadi pale kampuni ilipouzia umma, na hapo ikasimama. Wiki nne nzima haikushuka chini ya mstari ule hata kidogo. Baadaye ikaanza kupanda polepole, na ilikuwa bado inapanda. Mchambuzi yeyote kijana angeonyesha kidole na kusema: tazama ilivyo imara.

Lakini Rula alikumbuka zile wiki nne. Meneja aliyesimamia uuzaji wa hisa kwa umma alikuwa na ruhusa, iliyotangazwa, ya kununua hisa mwezi wa kwanza tangu ziingie sokoni ili bei isianguke. Kila muuzaji aliyefika pale alikutana na mnunuzi yuleyule. Ruhusa ilipokwisha, mnunuzi akaondoka, na tangu siku hiyo bei haikuwahi kurudi kwenye mstari ule. Ile iliyoitwa sakafu ilikuwa mkono wa mtu ulioshikilia kwa chini, na mkono haukuwepo tena. Hakuna aliyejua ingekuwaje mtu akiikanyaga.

Na kule kupanda kwenyewe! Alitazama vijiti vya chini vinavyoonyesha hisa ngapi zimeuzwa kila siku. Vilikuwa vifupi kama nyasi za kiangazi. Watu wachache walikuwa wakigombea hisa chache, na bei ikapanda kwa sababu ya uchache huo. Mwezi mmoja mbele mlango ungefunguliwa, na hisa nyingi mara nne zingekuwa huru kuuzwa. Hata kama wengi wa wenye nazo wasingeuza, wale wachache wangetosha.

Aliegemea kiti. Aliyajua pia mambo mengine ya tarehe za namna hii. Kwa kuwa kila mtu anaijua siku, hakuna anayeingoja. Wanaoweza kuuza huuza mapema, wiki mbili tatu kabla, na bei hushuka mikononi mwa walio huru huku waliofungwa wakitazama.

Akampata mkurugenzi wake, mama mwembamba asiyependa maneno mengi, akamweleza yote, pamoja na habari ya shemeji.

"Una ndugu mle," mkurugenzi alisema. "Basi naweza kumpa mwenzako aandike."

Rula alimfikiria huyo mwenzake, kijana mzuri, mwenye haraka, ambaye asubuhi ile alikuwa amekwisha kupaka mstari wa kijani chini ya zile wiki nne na kuuandikia: sakafu imara.

"Akiandika yeye, atasema washikilie."

"Na wewe utasema nini?"

"Wapunguze kabla ya kufuli kufunguliwa."

"Na shemeji yako hawezi kupunguza."

"Hawezi."

"Ukiandika wewe, chini kabisa tutaweka kwamba ndugu wa mwandishi ana hisa za kampuni hii. Na neno lisitoke kwako kabla ya Jumatatu. Hata nyumbani."

*

Jumapili walikula kwa shemeji, kama ilivyokuwa desturi yao ya familia. Shemeji alikuwa na simu mezani, kando ya sahani, na kila baada ya tonge aliigusa ili kioo kisizime. Soko lilikuwa limefungwa tangu Ijumaa, lakini yeye aliutazama mstari kana kwamba ungeweza kuongezeka Jumapili.

"Shemeji, njoo utusomee nyota," alisema. "Hii inapanda mpaka wapi?"

"Mpaka itakapochoka."

"Mnaona? Mtu amesoma, amezeeka na rula mkononi, kamba ya kuanikia nguo ya dada yangu imelegea mpaka leo, na jibu lake ni mpaka itakapochoka."

Watu walicheka, mke wa Rula kuliko wote. Rula alingoja kicheko kiishe. Kichwani alikuwa akipanga kipi ni cha ofisi na kipi ni cha kila mtu. Tarehe ilikuwa ya kila mtu. Chati ilikuwa ya kila mtu.

"Shemeji, bei hiyo unayoiona ni ya hisa chache," alisema. "Nyingi bado zimefungwa, pamoja na zako. Siku zikifunguliwa, wenzako wangapi watauza?"

"Chumba changu? Wote. Kuna anayetaka pikipiki, kuna anayetaka kuoa. Mmoja anataka vyote viwili."

"Basi usiihesabie nyumba kwa bei ya leo."

Shemeji aliacha kutafuna. "Unajua kitu?"

"Najua unachokijua. Tarehe ipo, imetangazwa."

"Tarehe ipo tangu mwanzo na mstari unapanda tu. Kama wenye akili wangekuwa wanaiogopa, wangekwisha kukimbia." Akamgeukia dada yake. "Mume wako akiona mvua anahofia mafuriko, akiona jua anahofia ukame. Mpe nyama."

Akapewa nyama. Lile la wenye akili kukimbia lilikuwa hoja ya kweli, na wenye akili hao walikuwa wakingoja Jumatatu. Alimwona mke wa shemeji akieleza kwa mikono mahali atakapotoboa dirisha, ukuta wa jikoni, ili moshi upate pa kutokea. Alimwona mke wake mwenyewe akikubali kwa kichwa. Njiani kurudi, mkewe alimwuliza kilichomkaa rohoni, naye akasema ni uchovu wa kazi. Haukuwa uongo mkubwa, lakini ulikaa kati yao kitandani.

Usiku wote ule alijiuliza kama kuna namna ya tatu. Kuandika kwa maneno ya kuzungukazunguka, yasiyosema shika wala achia? Mkunga angeyasoma na miwani yake, asielewe, ashikilie. Kukaa kimya? Ofisi nyingine zingeandika. Na kama zisingeandika, bei ingebaki juu mpaka siku ya kufuli, wafanyakazi wangeuza kwa furaha, na hisa zile zingenunuliwa na nani? Na watu kama mkunga. Kila alipozunguka alikuta mtu amesimama mahali pa kuangukiwa.

Jumatatu asubuhi aliandika ukurasa mmoja. Alisema kwamba historia ya chati ni fupi mno kuitegemea. Kwamba ile sakafu ilitengenezwa wakati meneja akinunua, na tangu hapo haijajaribiwa. Kwamba kupanda kulitokana na uhaba wa hisa sokoni. Kwamba tarehe ya kufuli ingeuondoa uhaba huo. Akashauri wateja wapunguze. Chini, kwa herufi ndogo, mkurugenzi akaongeza mstari wake.

*

Bei haikuanguka siku ile. Ilikaa kimya siku mbili, kisha ikaanza kutelemka, kidogo kidogo, kama mtu anayeondoka kwenye sherehe bila kuaga. Ofisi nyingine mbili nazo ziliandika. Rula hakujua kamwe ni kiasi gani cha mteremko ule kilitoka kwenye karatasi yake na kiasi gani kingekuja hata asingekuwa amezaliwa, na kutojua huko ndiko kulikomsumbua zaidi. Mkunga aliuza zote. Alileta mfuko wa machungwa, na Rula aliwagawia wenzake bila kuonja hata moja.

Karatasi ile ilifika kiwandani kwenye simu za watu. Mke wa Rula alipewa na wifi yake. Aliisoma jikoni amesimama, akaiweka simu kando ya jiko lililozimwa.

"Ndugu wa mwandishi," alisema. "Kaka yangu ndiyo huyo?"

"Ndiyo."

"Amefungwa mikono, na wewe ukawaambia watu wapige."

"Niliwaambia wateja wangu watoke njiani, mke wangu."

"Na Jumapili ulikula kwake."

Alikuwa amekula.

Wiki ya mwisho kabla ya kufuli kufunguliwa bei ilifika kwenye ule mstari wa zamani. Yule kijana wa ofisini akasimama nyuma ya kiti cha Rula. Kwa siku mbili bei ilisimama pale pale, sawasawa kabisa, na moyo wa Rula, bila ruhusa yake, ukaanza kuomba kwamba awe amekosea. Angefurahi kuitwa mjinga mbele ya ofisi nzima. Siku ya tatu wauzaji walikuja, yule mnunuzi wa zamani hakuwepo, na bei ikapita chini ya mstari kana kwamba hapajawahi kuwa na kitu.

Asubuhi ya kufuli kufunguliwa, ngazi za ofisi zilijaa watu wenye kucha za rangi. Shemeji alikuwa wa nne katika foleni. Alipofika mezani kwa Rula hakukaa.

"Ile karatasi ni yako?"

"Ni yangu."

"Ulijua sisi tumefungwa."

"Nilijua."

Shemeji alitikisa kichwa taratibu, kama anayekubali hesabu ya dukani ambayo hakuipenda. "Kwa bei ya sasa hazitoshi nyumba. Bibi ana mteja mwingine mwenye fedha taslimu, naye amempa mpaka saa sita. Nikienda na hizi zitakazopatikana, labda atanivumilia zilizobaki. Niuze sasa au ningoje kidogo?"

Rula alitazama kioo. Vile vijiti vya chini, vilivyokuwa vifupi kwa miezi sita, kimoja kilikuwa kimekwisha kupanda kuliko vyote na saa moja ya soko ilikuwa haijaisha. Bei ilikuwa inazidi kushuka. Huenda ingefika mbali zaidi. Huenda waoga walikuwa wamekwisha kuuza wiki zilizopita na mwisho ulikuwa hapa hapa. Alitafuta siku nyingine ya kuifananisha na hii na hakuiona. Kampuni hii haikuwa nayo.

"Sijui, shemeji."

"Leo ndiyo hujui."

"Chati hii haijawahi kuona siku kama ya leo. Nikikwambia lolote nitakuwa nakudanganya."

"Jumapili ile ulijua."

"Nilijua kwamba zitakuja nyingi. Zitaishia wapi, hilo sijui."

Nyuma yake mtu alikohoa. Shemeji alichukua kalamu, akatia sahihi ya kuuza zote, akaondoka akishuka ngazi mbili mbili.

Mchana bei iligeuka. Mfuko mmoja mkubwa wa pensheni, ambao kwa miezi sita haukuweza kuingia kwa kuwa hisa zilizozunguka zilikuwa chache mno kwa ukubwa wake, ulianza kununua. Ulinunua mpaka soko likafungwa, na bei ikaishia juu ya ile ya asubuhi, ingawa bado chini ya ule mstari. Yule kijana alipiga mluzi. "Hapa sasa ndipo penye sakafu yenyewe, Rula." Rula alisema huenda, tungoje tuone, akaizima kompyuta kabla ya wakati wake.

Bibi hakuweza kuvumilia. Alilia, walisema, akamshika shemeji mikono yote miwili, lakini binti yake alikuwa amekwisha kupokea fedha za yule mwingine.

*

Shemeji na watu wake walihama mwisho wa mwezi. Rula hakuitwa. Alikwenda na mkewe, naye mkewe hakumwambia njoo wala usije.

Vijana walikuwa wamebeba vitanda. Lilibaki kabati la chumbani, la mbao nzito, ambalo shemeji alikuwa akilisukuma peke yake kwa bega. Rula alivua koti, akaingia, akashika upande wa pili. Hapakuwa na salamu. Walilifikisha mlangoni, likakwama.

"Liinamishe," shemeji alisema.

"Upande gani?"

"Wako."

Wakaliinamisha. Likakwama tena. Shemeji aliegemeza paji la uso kwenye ubao, akapumua.

"Ungeandika washikilie," alisema bila kuinua kichwa, "mimi ningekuwa humu ndani leo?"

Rula alikuwa amejiuliza hilo mara nyingi kiasi kwamba swali lilikuwa limechakaa mkononi mwake. "Labda. Au mngeanguka wote siku moja. Ofisi nyingine pia ziliandika."

"Labda."

"Ndiyo."

"Dada yangu anasema huonji hata chai vizuri siku hizi."

"Amekwambia hivyo?"

"Ameniambia kwa hasira. Hakukuombea." Shemeji alijifuta jasho kwa mkono wa shati. "Sijakusamehe. Watu wa chumba changu wananiuliza kila siku yule ndugu wa mwandishi ni nani, nami nacheka nao bila kukutaja. Bado nacheka nao, umenisikia?"

"Nimekusikia."

"Sasa shika chini kabisa, si hapo katikati. Mimi natangulia kinyumenyume. Kuna ngazi tatu nje, nitazihesabu."

Rula aliinama, akaingiza vidole chini ya mbao. Kabati liliinuka, zito upande wake kuliko alivyotazamia, na shemeji akaanza kurudi nyuma akielekea kwenye jua, akihesabu.